Sura ya Tano: Siku Tisini Zinazosogea

Anayepeleka mchele kutoka Kahama kwenda Kigali hana kawaida ya kuhesabu siku. Anafika Rusumo, pasipoti inagongwa muhuri, anauza mzigo, anarudi. Wiki mbili baadaye anapita palepale, anagongwa muhuri mwingine, na hakuna ofisa anayejumlisha siku za safari hii na zile za safari iliyopita. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia na kukaa hadi miezi sita. Nani atafikisha miezi sita kwa kuuza mchele? Kwa hiyo watu wa Kanda ya Ziwa wamezoea kwamba ukitoka na kuingia tena, hesabu inaanza upya. Mazoea hayo ni sahihi Rusumo. Ulaya yanakupeleka pabaya.

Na watu wa huku wanakwenda Ulaya, kwa sababu dhahabu na almasi zina wenyewe kule. Mashine za kuchoronga miamba zinazofanya kazi chini ya ardhi duniani kote, nyingi zimetengenezwa Örebro nchini Sweden au Tampere nchini Finland, na fundi anayetumwa kusomea mashine hutumwa kwenye kiwanda chake. Almasi za Mwadui zimekuwa zikiuzwa kupitia Antwerp, Ubelgiji. Shehena iliyozuiwa na serikali uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 2017 ilikuwa njiani kwenda huko. Mfanyabiashara wa dhahabu wa Geita aliyechoka kuuzia madalali naye hutaka kuviona kwa macho yake viwanda vya kusafishia dhahabu vya Mendrisio na Balerna, kusini mwa Uswisi, mwendo mfupi wa gari kutoka Milano. Hizo ni nchi nne, na ukiongeza Italia ya kushukia ndege zinakuwa tano. Kwa macho ya uhamiaji, zote ni nchi moja.

Eneo hilo linaitwa Schengen. Tangu 1 Januari 2025 lina nchi 29, baada ya Bulgaria na Romania kukamilisha kujiunga. Ndani yake unapanda treni Milano na kushuka Uswisi bila kugongewa muhuri wowote, na Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Norway na Iceland nazo si wanachama, lakini zimo Schengen. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja huo, lakini hazimo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama siku yako inahesabiwa, usiulize kama nchi hiyo iko Umoja wa Ulaya. Uliza kama iko Schengen.

Kanuni yenyewe ina mstari mmoja. Mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180, na siku zinajumlishwa kwa nchi zote 29 kwa pamoja. Watu hulishika neno "90" na kulipita neno "chochote", na humo ndimo wanamonasia. Neno hilo maana yake ni kwamba kipindi cha siku 180 hakina tarehe yake ya kuanza. Hakianzi Januari, wala siku uliyopewa viza, wala siku uliyoingia mara ya kwanza. Kila siku unayokaa kule, ofisa ana haki ya kusimama kwenye siku hiyo, kurudi nyuma siku 179, na kuhesabu siku zote ulizokuwa ndani. Siku ya leo na hizo 179 zinafanya 180. Jibu likiwa 90 au pungufu, uko salama leo. Kesho anaweza kuhesabu tena, na mwanzo wa kipindi utakuwa umesogea siku moja mbele.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu ataielewa haraka akiufikiria mkanda wa konveya unaobeba mawe kwenda kwenye kinu. Huku mwanzo mawe yanapakiwa, kule mwisho yanadondoka, na uzito unaopimwa ni wa yale yaliyo juu ya mkanda kwa wakati huo tu. Siku zako za Schengen ndivyo zilivyo. Kila siku unayokaa inapakiwa, na siku ya 180 baadaye inadondoka. Huwezi kuitoa kabla ya zamu yake, hata uende Istanbul au urudi Geita mara kumi.

Tuchukue mfano wenye tarehe, maana bila tarehe kila mtu huona ameelewa. Fundi mkuu wa mitambo wa mgodi mmoja wa Geita ana viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, yenye siku 90. Mwaka 2026 ameingia Sweden 12 Januari kwa mafunzo na kutoka 20 Februari. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia: Januari ametumia 20, Februari 20, jumla 40. Akarudi kazini. Tarehe 4 Aprili akaenda Finland kukagua mashine zilizoagizwa, akatoka 28 Aprili. Hapo ametumia 25. Kwa safari mbili ana siku 65.

Sasa mwajiri anataka aende tena katikati ya mwaka, mashine zikijaribiwa. Mtu wa ofisini anachukua 90, anatoa 65, anapata 25, na kuandika kwenye barua kwamba fundi anaweza kukaa siku 25. Je, ni kweli? Inategemea anaingia lini.

Akiingia 1 Juni ni kweli. Siku hiyo ukirudi nyuma siku 179 unafika Desemba, kwa hiyo Januari, Februari na Aprili zote bado ziko juu ya mkanda. Tarehe 1 Juni ni siku yake ya 66, na 25 Juni ni ya 90. Kipindi kinachoishia 25 Juni bado kinaanzia Desemba, hakuna hata siku moja ya Januari iliyodondoka. Akilala hadi 26 Juni, amepitiliza.

Akiingia 20 Juni mambo yanabadilika kabisa. Anaanza vilevile na siku ya 66, na 10 Julai amefikisha 86. Lakini 11 Julai kipindi kinaanzia 13 Januari, maana yake ile siku ya kwanza kabisa ya Sweden, 12 Januari, imedondoka. Siku hiyo anaongeza moja na kupoteza moja, anabaki na 86. Kesho yake vivyo hivyo, 86. Inakwenda hivyo kwa siku 40 mfululizo, kadiri siku za Januari na Februari zinavyodondoka mojamoja, hadi 19 Agosti, siku ya mwisho ya Sweden inapoondoka. Kuanzia 20 Agosti hakuna kinachodondoka, kwa sababu baada ya 20 Februari alikuwa Geita, na hesabu inapanda tena: 87, 88, 89, na 23 Agosti ni 90. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho.

Ukitaka kuhakiki, simama 23 Agosti. Siku 180 zinazoishia hapo zinaanza 25 Februari. Ndani yake mna zile 25 za Aprili na safari hii ya tatu: Juni siku 11, Julai 31, Agosti 23, jumla 65. Ongeza 25 upate 90 kamili.

Kwa kuchelewesha safari siku 19 tu, fundi yuleyule mwenye viza ileile anapata siku 65 badala ya 25. Barua ya ofisini ingemrudisha nyumbani mapema bila sababu, hasara ambayo hakuna anayeiona. Nadhani wengi wanaopangiwa safari za kikazi wanakatwa siku zao hivi, kwa sababu anayepanga anatoa namba kwenye namba bila kutazama kalenda.

Hasara ya upande wa pili ndiyo inayoonekana. Hoja ninayoisikia sana kwa watu waliosafiri zaidi ya mara moja huja hivi: "Kaka, mimi niliingia tarehe 12 Januari. Hesabu siku 180, tunafika Julai 10. Julai 11 naanza 90 mpya." Anasema kwa uhakika kabisa, na aliyemfundisha huenda hakumdanganya. Hadi Oktoba 2013 sheria ilisema miezi mitatu ndani ya miezi sita kuanzia tarehe ya kuingia mara ya kwanza, na Mahakama ya Ulaya iliwahi kuitafsiri hivyo katika hukumu ya mwaka 2006. Kwa sheria ile ungeweza kuingia siku moja, ukatoka, ukarudi mwishoni mwa miezi sita, ukaunganisha miezi mitatu ya zamani na mitatu mipya, ukakaa karibu nusu mwaka bila kuvunja sheria. Watunga sheria waliliona tundu hilo wakaliziba. Tangu 18 Oktoba 2013 hesabu ni ya kurudi nyuma, lakini maarifa ya zamani bado yanatembea kutoka mdomo hadi mdomo.

Mtie fundi wetu katika imani hiyo. Anaingia 11 Julai, anajipa siku 90, anakata tiketi ya kurudi 8 Oktoba. Ukweli ni kwamba 11 Julai mkanda wake haukuwa mtupu. Ulikuwa na siku 39 za safari ya Sweden na zote 25 za Finland. Zile za Sweden zinadondoka kadiri anavyokaa, kwa hiyo hazimdhuru. Za Aprili hazianzi kudondoka hadi 1 Oktoba. Siku yake ya mwisho halali ni 13 Septemba: 25 za Aprili, na 65 tangu 11 Julai. Akiondoka 8 Oktoba atakuwa amepitiliza siku 25, idadi ileile ya safari ya Finland aliyoisahau. Si bahati mbaya ya namba. Anayedhani siku 180 zikiisha kila kitu kinafutwa husahau safari ya katikati, na safari hiyo ndiyo inayomhukumu.

Njia ya kuhakiki ni fupi kuliko maelezo yake. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure mtandaoni kinachofanya kazi hii, lakini mimi napendelea jedwali la kwenye simu, kwa sababu unaona kila safari inachangia ngapi. Safu ya A weka tarehe za kuingia, safu ya B tarehe za kutoka, pamoja na safari unayoipanga. Kwenye kisanduku cha E1 andika tarehe unayotaka kuihakiki. Kisha kwenye C2 andika hivi, na uishushe hadi safari ya mwisho:

```
=MAX(0,MIN(B2,E$1)-MAX(A2,E$1-179)+1)
```

Jumla ya safu ya C ndiyo idadi ya siku zako katika kipindi kinachoishia tarehe ya E1. Namba 179 isikuchanganye: ni siku za kurudi nyuma, na E1 yenyewe ndiyo ya 180. Ile +1 ya mwisho ndiyo inayohesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili. Ukiiacha, kila safari itapungua siku moja, na mwenye safari nne atajidanganya kwa siku nne.

Huna haja ya kuhakiki kila siku ya safari. Ukiwa ndani mfululizo, kila siku unaongeza moja, na inayodondoka haiwezi kuzidi moja. Hesabu yako inapanda au inasimama, haishuki kamwe hadi utoke. Kwa hiyo siku ya mwisho ya safari ikiwa salama, zote zilizotangulia ziko salama. Weka tarehe ya kutoka kwenye E1, soma jumla, basi. Kama umepanga safari mbili mbele, hakiki siku ya mwisho ya kila moja kivyake.

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila Mtanzania ana siku 90. Hana. Mtanzania anahitaji viza kuingia Schengen, na viza ndiyo inayosema amepewa ngapi. Chukua stika yenyewe uisome. Kuna mstari wenye FROM na UNTIL, ambazo ni tarehe za mwanzo na mwisho wa matumizi ya viza. Kuna DURATION OF STAY, yaani siku unazoruhusiwa kuwa ndani. Kuna NUMBER OF ENTRIES, ambapo utaona 1, 2 au MULT. Vitu hivi vitatu vinafanya kazi kwa pamoja, na kile kinachokwisha kwanza ndicho kinachokutoa.

Mfanyabiashara wa Geita anayekwenda mara ya kwanza kwa kawaida hapati MULT. Anaomba siku 12 za kutembelea wanunuzi, anapewa kuingia mara moja, siku 12, na kipindi cha matumizi ambacho kimeongezwa siku 15 juu yake. Nyongeza hiyo ipo katika sheria ya viza kwa makusudi, ili safari ikiahirishwa kidogo viza isife. Kwa mfano FROM ni 3 Mei na UNTIL ni 29 Mei. Anatazama 29 Mei na kujiona ana karibu mwezi mzima. Ana siku 12. Akiingia 3 Mei anatoka 14 Mei, hata kama tarehe ya mwisho kwenye stika bado iko mbali. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kupitiliza muda iliyo rahisi kuliko zote, na haina hata hesabu za siku 180 ndani yake. Ni kusoma mstari usio wenyewe.

Mwenye viza ya kuingia mara moja ana mtego mwingine, London. Uingereza haimo Schengen na ina viza yake. Siku za London hazihesabiwi, hilo ni jema, lakini ukitoka Milano kwenda London umetoka Schengen, na ruhusa yako ya kuingia mara moja imekwisha. Tiketi ya kurudi nyumbani inayoanzia Milano haitakusaidia. Kinyume chake, aliyesoma Ujerumani, tuseme chuo cha madini cha Freiberg, akiwa na kibali cha kuishi, siku alizoishi kwa kibali hicho haziingii kwenye 90. Miaka miwili ya masomo haimpunguzii hata siku moja akirudi baadaye kama mgeni wa muda mfupi.

Siku inaanza wapi? Inaanza kwenye dirisha la pasipoti, si kwenye tiketi. Ukiondoka Dar es Salaam usiku wa tarehe 2 na kufika Amsterdam asubuhi ya tarehe 3, siku yako ya kwanza ni tarehe 3. Ukifika saa tano na nusu usiku wa tarehe 3, dakika zile thelathini ni siku nzima. Kama ndege inakwenda Zurich kupitia Amsterdam, mpaka wako ni Amsterdam, na ukirudi kwa njia hiyohiyo kutoka kwako kunaandikwa Amsterdam pia. Hapo ndipo ndege iliyochelewa Zurich inapokukosesha ya Dar, ukalala Amsterdam, na siku ya kutoka ikawa kesho yake. Kwa sababu hiyo sioni busara ya kukata tiketi kwa siku ya 90 kamili. Acha siku mbili tatu zisizotumika. Si zako za kufurahia, ni za ndege kuharibikia.

Kwa miaka mingi ushahidi wa siku hizi ulikuwa muhuri. Muhuri wa Schengen ni wa kujifunza kuusoma: juu kushoto kuna herufi za nchi zilizozungukwa na nyota, katikati tarehe, chini jina la kituo, na juu kulia picha ndogo ya ndege, treni, gari au meli. Muhuri wa kuingia ni mstatili wenye pembe kali, wa kutoka una pembe za mviringo, na kuna mshale unaoonyesha upande. Wino ukififia, ofisa aliweza kukisia tu. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya wengine waamini kwamba hakuna anayehesabu.

Sasa mashine inahesabu. Mfumo wa kusajili kuingia na kutoka, unaojulikana kwa herufi EES, ulianza 12 Oktoba 2025 na ulipangiwa kuwa umeenea kwenye mipaka yote ya nje ifikapo 10 Aprili 2026. Unachukua picha ya uso, na alama za vidole za mwenye viza tayari zimo kwenye kumbukumbu za viza. Tarehe na mahali pa kuingia na kutoka vinaandikwa, na mfumo wenyewe unajumlisha siku. Ofisa wa Zurich anaona ulichofanya Helsinki bila kufungua kurasa. Usipoonekana umetoka, jina lako linaingia kwenye orodha ya waliopitiliza bila mtu yeyote kukushtaki.

Jambo hilo la mwisho linahitaji tahadhari kwa mtu ambaye ametoka kweli, lakini kutoka kwake hakukuandikwa. Kumbukumbu isiyo na tarehe ya kutoka inampa ofisa haki ya kudhani umepitiliza, na sheria hiyohiyo inakupa wewe haki ya kuleta ushahidi kwamba hukuwapo. Kwa hiyo kipande cha tiketi ya kupandia ndege usikitupe uwanjani. Muhuri wa uhamiaji wa Tanzania wa siku uliyorudi una thamani. Rosta ya zamu inayoonyesha kwamba tarehe 2 Machi ulikuwa kazini mgodini nayo ina thamani, na ni karatasi ambayo mtu wa mgodi anaipata kwa urahisi kuliko wengi. Weka vyote pamoja, angalau kwa muda wa pasipoti hiyo.

Na ukikwama kweli? Aprili 2010 volkano ya Iceland ilipotapika majivu, ndege zilisimama Ulaya karibu wiki nzima, na watu wengi walikwama na viza zinazoisha. Sheria ya viza ina kifungu cha hali hiyo. Ukizuiwa kuondoka na jambo lililo nje ya uwezo wako, au sababu ya kibinadamu kama ugonjwa mzito, viza inaongezwa muda bure. Kukiwa na sababu nzito ya binafsi, inaweza kuongezwa kwa ada ya yuro 30. Masharti yake ni mawili: uende kwenye mamlaka ya nchi uliyopo kabla muda haujaisha, na uwe na karatasi, barua ya hospitali au ya shirika la ndege. Anayengoja uwanjani siku ya kuondoka ili ajieleze hana tena cha kuomba. Ana cha kujitetea tu.

Utetezi huo hauna bei moja. Adhabu inapangwa na kila nchi: faini, amri ya kuondoka, au katazo la kuingia ambalo kwa kawaida halizidi miaka mitano, lakini linakufungia nchi zote za Schengen, si ile uliyokosea tu. Kwa mfanyabiashara wa madini hiyo ni Antwerp, Milano na Mendrisio kufungwa kwa siku moja.

Kumbukumbu za EES za mtu aliyeingia na kutoka kwa wakati zinahifadhiwa miaka mitatu. Za mtu asiye na rekodi ya kutoka zinahifadhiwa miaka mitano tangu muda wake ulipoisha, na ubalozi unaopokea maombi yako ya viza ijayo unaziona.